Jaribu PSN kabla ya kulipia PS4 iliyotumika

Ukinunua PS4 iliyotumika barabara ya Luthuli, Nairobi, usiridhike kuona gemu inacheza. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha mashine, fungua New User kisha uingie PSN, mtandao wa gemu wa Sony, kwa akaunti yako mwenyewe. Mashine iliyofungiwa na Sony itakataa hata akaunti safi, kwa sababu kufuli liko kwenye mashine, na kuifuta yote hakuliondoi. Gemu za diski huendelea kucheza kama kawaida, ndiyo maana wengi hugundua wakishafika nyumbani. Ikidai sasisho kwanza, kuwa na bando la kutosha na usubiri. Bila sasisho hilo PSN haifunguki na bado hujajua lolote. Gemu za kupakua usizihesabu kwenye bei: ni za akaunti ya muuzaji, akiiondoa zinafungwa.