Kabla ya Kusaini Barua ya Malipo: Kiasi, Tarehe na Majina Visipingane

Barua rasmi inayotaja fedha haisomwi na mtu mmoja. Anayeidhinisha hutazama kiasi, mhasibu hukilinganisha na daftari lake, mtunza kumbukumbu hutazama jina na tarehe, na huenda baadaye mkaguzi akaisoma upya bila kumjua yeyote kati yao. Kila mmoja hushika kipande chake. Vipande hivyo visipokubaliana, barua hurudi, au mbaya zaidi, hairudi bali hutekelezwa kwa namna ambayo mwandishi hakuikusudia.

Tuchukue barua moja tuifuate hadi mwisho. Mtu anadaiwa shilingi 1,225,000 na anaandika kuomba kulipa kwa awamu tatu. Ni barua fupi isiyojaza hata ukurasa, lakini ina karibu kila mtego.

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi tupu uorodheshe kila kiasi, kila tarehe na kila jina litakaloingia kwenye barua, na mbele ya kila kimoja uandike umekitoa wapi: mkataba, ankara, kitambulisho, barua ya awali. Usitegemee kichwa. Karatasi hiyo ndiyo utakayonakili kutoka kwake kila unapohitaji kiasi au jina, badala ya kunakili kutoka aya ya juu ya barua yako mwenyewe. Anayenakili kutoka aya ya juu hulihamisha kosa la aya ya juu, na kosa lililojirudia mara tatu huonekana kama ukweli.

Sasa kiasi. Tarakimu zina hatari zake, lakini kwa Kiswahili hatari kubwa imo kwenye maneno, na kiini chake ni mahali linapokaa neno “elfu”. Andika “elfu ishirini na tano”. Wengi watasoma 25,000. Lakini mtu akitaka kuandika 20,005 naye ataandika maneno hayohayo. Katika mazungumzo hatukosani, kwa sababu sauti hupumzika mahali fulani na wote tunajua bei inayozungumziwa. Kwenye karatasi sauti haipo. “Elfu mia tano na hamsini” ni hivyohivyo: inaweza kuwa 550,000, inaweza kuwa 500,050. Tofauti ni karibu nusu laki, na maana zote mbili zinakubalika kwa Kiswahili safi.

Dawa ni kuitanguliza idadi ya maelfu kila inapokuwa na zaidi ya neno moja: “ishirini na tano elfu” kwa 25,000, na “mia tano na hamsini elfu” kwa 550,000. Kinachobaki baada ya maelfu kifuate nyuma ya neno “elfu”, ili 20,005 iwe “ishirini elfu na tano” na 500,050 iwe “mia tano elfu na hamsini”. Hapo kila kilicho mbele ya “elfu” ni maelfu, kila kilicho nyuma yake si maelfu, na hakuna anayebaki kukisia. Elfu moja, elfu tatu, elfu kumi hazina shida zikisimama peke yake, ingawa mimi hupendelea barua nzima ifuate mpangilio mmoja.

Laki inakubalika kabisa, ila iamue mapema. Ukiandika “laki mbili” aya ya kwanza na “mia mbili elfu” aya ya tatu, umemlazimisha msomaji kusimama na kuhakikisha kuwa ni kitu kimoja. Na uiache “nusu” nje ya barua rasmi. “Milioni mbili na nusu” inaeleweka mdomoni, lakini msomaji wa karatasi hapaswi kuulizwa ni nusu ya nini.

Kwa barua yetu, basi, deni lote linaandikwa: Sh1,225,000/= (shilingi milioni moja, mia mbili ishirini na tano elfu tu). Alama ya fedha imegusana na tarakimu ya kwanza ili asipatikane mtu wa kuchomeka tarakimu nyingine katikati. Ile alama ya /= inafunga upande wa kulia na kuonyesha kuwa hakuna senti. Neno “tu” linafanya kazi hiyohiyo kwenye maneno: baada yake hakuna pa kuongeza kitu. Kama barua inavuka mpaka, taja shilingi ya nchi gani, kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zote zinatumia jina hilo kwa fedha zenye thamani tofauti. Kumbuka pia kuwa ziko nchi ambako nukta hutenganisha maelfu na mkato hutenganisha senti. Maneno yaliyoandikwa vizuri ndiyo yatakayomwongoza msomaji wa huko.

Kuna sababu ya kuyatendea maneno kwa uangalifu kuliko tarakimu. Sheria ya Kiingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliiga, inasema kwamba kiasi cha maneno na cha tarakimu vikitofautiana, kinachotakiwa kulipwa ni cha maneno. Sheria ya pamoja ya hundi iliyokubaliwa Geneva mwaka 1931 inasema vivyo hivyo, na kuongeza kwamba kiasi kikiandikwa zaidi ya mara moja kwa maneno, au zaidi ya mara moja kwa tarakimu, na vikatofautiana, kinachokubaliwa ni kile kidogo. Barua ya kawaida si hundi, na benki nyingi huirudisha hundi yenye mgongano kuliko kuifasiri. Lakini mazoea ya kuyaamini maneno yameenea sana maofisini. Ukiandika tarakimu sahihi na maneno yenye utata, umeweka utata mahali ambapo msomaji huenda kutafuta uhakika.

Awamu zina mtego wao. Gawanya 1,225,000 kwa tatu upate 408,333 na sehemu ndogo iliyobaki. Ukiandika awamu tatu za Sh408,333/= kila moja, jumla ni 1,224,999. Imepungua shilingi moja. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu, lakini kinatosha kulifanya deni lisifungwe kwenye daftari, na mhasibu makini atairudisha barua kwa ajili yake. Andika awamu mbili za kwanza kuwa Sh408,333/= (shilingi mia nne na nane elfu, mia tatu thelathini na tatu tu) na ya mwisho kuwa Sh408,334/= (shilingi mia nne na nane elfu, mia tatu thelathini na nne tu). Kisha zijumlishe tena kutoka kwenye barua yenyewe, si kutoka kwenye karatasi yako ya hesabu.

Kwenye tarehe, acha kabisa kuandika 03/04/2026. Kwa wengine ni Aprili 3, kwa wengine ni Machi 4, na siku zote za mwezi hadi ya kumi na mbili zina utata huo. Jina la mwezi huumaliza: tarehe 3 Aprili 2026. Mpangilio wa 2026-04-03, wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, unafaa majina ya mafaili kwenye kompyuta kwa sababu hujipanga wenyewe kwa mfuatano, lakini ndani ya barua mwezi ukae kwa jina lake.

Mwandishi wetu anataka kulipa “tarehe 30 ya kila mwezi, kuanzia Januari hadi Machi 2026”. Februari haina tarehe 30. Sentensi inasomeka vizuri mpaka ufungue kalenda. Azitaje tarehe tatu moja moja: 31 Januari, 28 Februari na 31 Machi 2026. Akifungua kalenda ileile ataona pia kwamba mbili za kwanza ni Jumamosi, kwa hiyo aeleze mapema kama siku isiyo ya kazi inasogeza malipo mbele au nyuma. Ukitaja siku ya juma pamoja na tarehe, umejipa kipimo cha bure: “Jumanne, tarehe 31 Machi 2026” ni sahihi, na kama umeandika Jumatano unajua kimoja kati ya viwili kimekosewa. Vilevile “ndani ya siku 14” ni lazima iseme zinahesabiwa kuanzia lini, tarehe ya barua au siku ya kupokelewa, maana kati ya hizo mbili mara nyingi hupita siku kadhaa.

Majina hayahitaji maelezo marefu, yanahitaji ukaidi. Said, Saidi na Saeed mdomoni huwa jina moja, kwenye mfumo wa kumbukumbu ni watu watatu. Nakili jina herufi kwa herufi kutoka kwenye hati ambayo ofisi unayoiandikia inayo tayari, kwa mpangilio uleule: kama wao wana jina lako, la baba na la babu, usiwape mawili na herufi ya kwanza ya la tatu. Hati zako zikitofautiana zenyewe, usichague kimyakimya. Tumia jina la mkataba unaozungumziwa, kisha taja mara moja kwamba ndiye yuleyule anayeonekana kwenye kitambulisho namba fulani kwa tahajia nyingine. Kwa mambo mazito ofisi inaweza kudai hati ya kiapo ya majina, na ni afadhali kuiulizia kabla ya kupeleka barua. Jina la chini, penye saini, lazima lifanane na la juu.

Ukimaliza kuandika, usijisomee mwenyewe kimoyomoyo, kwa sababu jicho linalojua kiasi hukiona hata kisipokuwepo. Mpe mwenzako kalamu, umsomee maneno peke yake bila kumwonyesha tarakimu, kwa mwendo mmoja usio na mapumziko ya kumsaidia. Aandike anachosikia kwa tarakimu. Akiandika 408,333 pale ulipokusudia 408,333, maneno yako yametosha. Akisita, au akiuliza “una maana gani hapo?”, rekebisha maneno. Usimfafanulie, kwa kuwa mpokeaji hatakuwa na wa kumfafanulia. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F utafute kila jina na kila mwaka. Barua zinazotengenezwa juu ya barua za zamani hubaki na mwaka uliopita, au jina la mtu mwingine, mara nyingi kwenye mstari wa kumbukumbu namba au chini kabisa penye nakala.

Ukigundua kosa baada ya kuchapa, chapa upya. Tarakimu iliyopakwa wino mweupe au kuandikwa juu ya nyingine hutiliwa shaka hata ikiwa sahihi. Na kama barua imeshapelekwa, usipige simu tu. Peleka barua nyingine inayotaja namba ya kumbukumbu na tarehe ya ile ya kwanza, inayosema wazi kifungu gani kimebadilika, kilisomekaje na sasa kisomekeje, na kwamba mengine yote yanabaki kama yalivyo. Kwenye barua hiyo ya pili omba pia upewe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.