Kuwatoa makarani wa maziwa kwenye daftari: ruti moja kwanza

Nimeandika haya baada ya kusaidia chama cha ushirika upande wa Njoro, Nakuru, kuanza kutumia mizani ya kidijitali inayotuma rekodi kwa simu na kumpa mkulima risiti.

1. Chagua ruti moja ya kukusanya maziwa. Isiwe ile rahisi. Chukua yenye wakulima wengi wadogo na mtandao hafifu, maana huko ndiko mfumo utaonyesha udhaifu wake mapema. Anza tarehe 1, ili malipo ya mwezi yasitoke kwenye rekodi mbili.

2. Fundisha njiani. Ukumbini inatosha kuonyesha jinsi ya kuwasha na kuingia. Mengine karani ajifunze alfajiri, wakulima wakiwa wamepanga foleni.

3. Tumia daftari na mizani pamoja mwezi mzima. Hapa ndipo kazi ilipo, usikubali kuharakishwa.

Daftari la jagi huandika lita, mizani husoma kilo. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo mkulima wa lita 12 ataona kama kilo 12.36. Halmashauri ya chama iamue kabla ya risiti ya kwanza kama bei ni ya lita au ya kilo, na wakulima waambiwe.

Kila jioni linganisha. Tuseme daftari la ruti lina lita 400: mizani inapaswa kukaribia kilo 412. Ikisoma 440, usimlaumu karani bado, shuka kwa mkulima mmoja mmoja. Anayezidi kwa kiasi kilekile kila asubuhi, huenda uzito wa mtungi mtupu haukuondolewa. Aliyejitokeza mara mbili, pengine karani alibonyeza tena mtandao ulipokwama. Zidio likiwa kwa jina moja na pungufu kwa lingine, majina yanafanana. Watafutwe kwa nambari ya uanachama.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tarakimu kuwa sawa kabisa, 400 kwa 400. Hapo karani ananakili kutoka kwenye skrini hadi daftarini, na ulinganisho wako haupimi chochote. Maziwa yapimwe kwa jagi na kuandikwa kwanza, ndipo yapande mizani.

4. Kusanya maoni kituoni. Fomu sizipendi, karani aliyechoka hujaza "sawa" kila mahali. Maziwa yakishapokelewa, mwambie: "Nionyeshe risiti iliyoleta ubishi leo." Bandika ukutani lalamiko, anayelishughulikia na jibu. Karani asipoona jibu kesho yake, wiki ijayo hatasema kitu.

5. Fungua ruti ya pili pale tu wiki nzima itakapopita bila tofauti isiyoelezeka. Karani wa kwanza ndiye afundishe wenzake. Wanamwamini kuliko fundi wa mfumo. Daftari moja libaki garini kwa siku ambayo betri itaisha, na rekodi zake ziingizwe siku hiyohiyo.