Somo: Kutunga maswali ya eneo na ujazo kwa nyumba moja, paa moja na tanki moja

Walimu wenzangu, zamani nilikuwa natunga maswali kumi ya maumbo yaliyounganishwa, kila moja na umbo lake. Wanafunzi walipata majibu kwa kubandika kanuni tu. Siku hizi natumia nyumba moja yenye paa la bati linalokinga mvua kwenda kwenye tanki. Vipimo havibadiliki, kinachobadilika ni eneo lipi linahitajika, na hapo ndipo fikra ilipo.

1. Anza na paa, na uchague namba kwa kurudi nyuma. Usianze na upana halafu ukakuta kipeuo cha pili kisichoisha. Anza na 5, 12, 13. Ukizizidisha kwa 0.3 unapata 1.5, 3.6 na 3.9. Basi nyumba ina upana wa mita 7.2 na urefu wa mita 10, kenchi ina kimo cha mita 1.5 katikati, na mteremko ni mita 3.9 kila upande. Mwinuko huo ni wa kawaida kwa paa la bati. Ukitumia 3, 4, 5 hesabu inakuwa rahisi, lakini paa linasimama mno.

2. Uliza bati. Eneo ni 2 × 3.9 × 10 = 78 m². Atakayeandika 72 amezidisha upana wa nyumba kwa urefu, hakuuona mteremko. Atakayeandika 88.8 ameongeza na pembetatu mbili za mwisho, ambazo huzibwa kwa tofali, wala haziezekwi. Kabla hujaandika swali, kokotoa majibu ya makosa hivi. Yakitofautiana, utajua kosa kwa kutazama jibu tu. Makosa mawili yakitoa namba moja, badili vipimo.

3. Tanki. Mche duara wa nusukipenyo mita 0.7 na kimo mita 1.5, juu yake kuna pia yenye kimo cha mita 0.3. Nusukipenyo hicho kinakatana vizuri na 22/7. Sehemu ya mche duara ni 22/7 × 0.49 × 1.5 = 2.31 m³, yaani lita 2,310. Sehemu ya pia ni 0.154 m³. Sasa andika kwamba bomba la kumwagia maji ya ziada liko pale mche duara unapoishia, kisha uliza tanki linabeba lita ngapi. Jibu ni 2,310. Atakayeandika 2,464 amejumlisha maumbo yote bila kusoma bomba liko wapi. Atakayeandika 9,240 ametumia kipenyo badala ya nusukipenyo.

Eneo la nje la pia siliulizi. Mteremko wake ni kipeuo cha pili cha 0.58, na mwanafunzi atapoteza dakika kumi kwenye desimali badala ya umbo.

4. Unganisha. Mvua ya milimita 20 imenyesha. Chukulia tanki lilikuwa tupu na maji yote yaliyoangukia paa yanafika kwenye tanki. Je, litajaa? Karibu darasa lote litachukua 78, kwa sababu ndilo eneo la bati. Lakini mvua inahesabiwa kwa eneo ambalo paa linafunika chini, 72 m². Paa likiinuka zaidi, bati linaongezeka, mvua haiongezeki. Basi 72 × 0.02 = 1.44 m³, lita 1,440, na tanki halijai. Wape kipande cha karatasi kilichokunjwa katikati, wakishike juu ya meza na kuchora kivuli chake taa ikiwa juu. Wataona kivuli kinapungua wanapokikunja zaidi, ilhali karatasi ni ile ile.

Swali la mwisho: mvua ya milimita ngapi inajaza tanki tupu? 2.31 ÷ 72 ni kama mita 0.032, yaani milimita 32.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku kwetu paa nyingi zina miteremko minne. Niongeze kanuni nyingine?*
Kwa eneo, hapana, mradi miteremko yote ina mwinuko sawa. Kila mita moja ya mraba ya chini inahitaji 13/12 za bati, na 72 × 13/12 ni 78 tena. Wengi hawaamini mpaka wapige hesabu ya kila upande. Ujazo ndio unaobadilika: nafasi chini ya paa la miteremko miwili ni 54 m³, ya minne ni 41.04 m³. Fundi naye atahitaji bati zaidi kwa sababu ya kukata pembeni, kwa hiyo andika wazi kwamba unauliza eneo, si idadi ya bati.

*Wanaotumia 3.14 wanapata lita 2,307.9. Niwape alama?*
Wape, ndugu yangu, kama hukutaja thamani ya kutumia. Wakati mwingine itaje juu ya karatasi.

*Nikitaka kuweka ukingo wa paa unaozidi ukuta?*
Ongeza mita 0.6 kwa mlalo kila upande. Mteremko unaongezeka mita 0.65, na bati linakuwa 2 × 4.55 × 10 = 91 m². Kumbuka na eneo la mvua linakuwa 84 m², kwa kuwa maji yanayoangukia ukingo nayo yanakingwa.