Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujumlisha 1/α na 1/β

Swali likikuuliza thamani ya 1/α + 1/β, ambapo α na β ni mizizi ya mlinganyo wa kipeo cha pili, usianze kwa kuitafuta mizizi. Chukua 2x² + 6x = 3. Mizizi yake ni (−3 ± √15)/2, na anayejaribu kugawanya 1 kwa nambari hizo mbili kisha kujumlisha atajaza ukurasa mzima bila sababu, kwa kuwa jibu lenyewe ni 2.

Kabla ya yote, hamishia kila kitu upande mmoja ili upande wa pili ubaki sifuri, katika umbo la ax² + bx + c = 0: 2x² + 6x − 3 = 0. Ukiiacha ile 3 ng'ambo na kuisoma kama c, utapata −2 badala ya 2.

Pili, hakikisha kwamba usemi ulioulizwa haubadiliki α na β zinapobadilishana nafasi. 1/α + 1/β hubaki vilevile, na α² + β² pia. Usemi wa aina hiyo unaweza kuandikwa kwa kutumia jumla ya mizizi na zao lake peke yake.

Tatu, hakikisha c si sifuri. Ikiwa ni sifuri, mzizi mmoja ni sifuri, na hakuna 1 gawanya kwa sifuri.

Nne, gawanya kwa a, yaani nambari iliyo mbele ya x². Jumla ya mizizi ni −b/a na zao lake ni c/a, si −b na c. Najua kila mtu hudhani analijua hili, nami nilidhani hivyo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni mjini Kisumu, mimi na mwenzangu tulikuwa tukijifunza jioni katika chumba nilichokodi Nyalenda, na maswali karibu yote tuliyoyafanya yalihusu 1/α + 1/β. Nilikuwa nikiandika jumla kuwa −b na zao kuwa c, bila kugawanya, na kila nilipolinganisha na majibu nilikuwa sahihi. Kwa mlinganyo wetu wa hapo juu ningeandika jumla −6 na zao −3, kisha −6/−3 = 2, na 2 ndilo jibu. Sikuwa na sababu yoyote ya kujishuku.

Mtihani ulipokuja, swali lilitaka 1/α² + 1/β² ya mlinganyo huohuo. Niliweka kiasi na asili kama nilivyozoea: (α² + β²)/(αβ)², na α² + β² ni mraba wa jumla ukitoa zao mara mbili. Kwa nambari zangu mbovu nilipata 36 + 6 = 42, nikagawanya kwa 9, nikaandika 14/3. Karatasi iliporudi ilikuwa na mstari mwekundu juu ya 14/3, nikaenda kwa mhadhiri kulalamika.

"Mwalimu, njia hii hii ndiyo nimekuwa nikiitumia, na haijawahi kunikosesha."

Aliweka ncha ya kalamu juu ya 2x² na kuniuliza, "Kijana, hii 2 yako ilienda wapi?"

Ndipo nilipoelewa kwamba katika 1/α + 1/β unagawanya −b/a kwa c/a, hivyo a inajifuta yenyewe na kubaki −b/c. Kosa langu lilikuwa likifutwa pamoja nayo kila mara. Katika miraba haifutiki. Jumla sahihi ni −3 na zao ni −3/2, kwa hiyo α² + β² = 9 + 3 = 12, mraba wa zao ni 9/4, na jibu ni 16/3. Kwa hiyo usijipime kwa maswali ya 1/α + 1/β peke yake. Jipime kwa α² + β², ambako kosa hilo halina pa kujificha.

Tangu siku hiyo sifungi swali kabla ya kulihakiki kwa njia ya pili. Weka 1/y mahali pa x, kisha zidisha kwa y², na mlinganyo utageuka kinyumenyume: −3y² + 6y + 2 = 0. Mizizi ya huu ndiyo 1/α na 1/β. Jumla yake ni 2, zao lake ni −2/3, na jumla ya miraba yake ni 4 + 4/3, yaani 16/3. Majibu mawili yakitofautiana, rudi kwenye a kabla ya kugusa kitu kingine.

Uwe mwangalifu pia na α − β. Hiyo si linganifu, maana ukibadilisha nafasi alama inageuka; unachoweza kupata ni mraba wake tu, ambao hapa ni 9 + 6 = 15, na alama ya √15 haijulikani mpaka uambiwe mzizi upi ni mkubwa. Na ukikutana na x² − 2x + 5 = 0, ambapo α² + β² inatoka 4 − 10 = −6, usiifute kwa hofu kwamba miraba haiwezi kujumlika kuwa hasi. Angalia kwanza b² − 4ac: hapa ni −16, mizizi si nambari halisi, na −6 ni jibu sahihi.