Usaili ukipangwa Jumamosi na wewe ni Msabato

Ukiwa unaishi Moshi na ukaitwa usaili Arusha mjini Jumamosi saa tatu asubuhi, jibu siku hiyohiyo, kabla afisa ajira hajafunga ratiba ya wasailiwa. Usiandike tu "siku hiyo sitaweza", maana husomeka kama umejitoa. Andika hivi:

"Habari. Nashukuru kwa mwaliko na nathibitisha nitashiriki. Kwa sababu ya ibada, sipatikani kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumamosi saa moja usiku. Naomba Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri, Jumapili saa yoyote, au Jumatatu asubuhi."

Saa hizo zitaje wazi. Asiyejua Sabato huanza Ijumaa jua likizama anaweza kukusogeza Ijumaa saa kumi na moja jioni akidhani amekusaidia, na wewe bado una safari ya kurudi Moshi.

Maelezo ya imani hayahitajiki. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini, hata kwa mwombaji kazi, ila kwenye ombi la kwanza usikitaje. Wakikupigia kukubali, omba wathibitishe kwa maandishi.