Futa agizo la kudumu la kodi, amana idai kando

Ukihama nyumba ya kupanga Uingereza, lifute mwenyewe benki agizo la kudumu la kodi, kwa maana ni maagizo yako kwa benki yako: mwenye nyumba hawezi kulisimamisha, na mkataba ukiisha halisimami lenyewe. Tuseme unalipa pauni 900 kila tarehe 1 na mkataba unaisha tarehe 30 Juni. Subiri malipo ya tarehe 1 Juni yatoke, kisha ulifute kwenye programu ya benki mwezi huohuo, wala usingoje asubuhi ya tarehe 1 Julai, kwani huwa umechelewa. Malipo ya tarehe 1 Julai yakishatoka, benki kwa kawaida haiyarudishi. Itakubidi umwandikie mwenye nyumba ukidai pauni 900 zilizolipwa kimakosa, katika barua isiyotaja amana hata kidogo.

Mgogoro wa amana upeleke kwenye mpango wa kulinda amana ambako amana yako ilisajiliwa, ambao huamua bila malipo pande zote mbili zikikubali. Usizuie kodi ya mwezi wa mwisho ukisema amana itaifidia, maana hilo ni deni, na mwenye nyumba anaweza kulidai kutoka kwenye amana hiyohiyo (wengi hunaswa hapa).

Njia hii haifai ikiwa notisi yako haikuwa halali, au ikiwa mpangaji mwenzako katika mkataba wa pamoja bado anaishi humo, kwa kuwa kodi huendelea kudaiwa hata kama umeshahamisha vitu vyako.