Jinsi ya kutafsiri hati ya mashtaka na kumbukumbu ya majibu ya mshtakiwa: mfano wa simu ya wizi

Nchini Kenya kazi hii huletwa mara nyingi mtu akiwa ameshafungwa. Ndugu zake wanakuja na nakala ya jalada la mahakama ya hakimu, limeandikwa kwa Kiingereza, na siku 14 za kukata rufaa zinayoyoma. Mshtakiwa alisomewa shtaka kwa Kiswahili na akajibu kwa Kiswahili, ila kilichoandikwa ni Kiingereza. Mfasiri anayarudisha maneno hayo kwenye lugha yalikotoka, na hapo ndipo penye hatari. Jalada ninalotumia hapa nimelibuni, lakini kosa lenyewe ni la kila siku: kushughulikia mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63.

Hatua ya 1: Soma kifungu kabla ya kugusa hati

Hati ya mashtaka ina sehemu mbili. Kuna tamko la kosa, yaani jina la kosa na kifungu chake, halafu kuna maelezo: tarehe, mahali, kitu na tendo. Maneno ya maelezo hayakuchaguliwa na polisi kwa ufasaha wao, yametoka kwenye kifungu. Kwa hiyo fungua kifungu, uandike pembeni kila jambo ambalo upande wa mashtaka lazima ulithibitishe.

Kwa kosa letu mambo ni haya: mshtakiwa alikaa na kitu kilichoibwa, hakuwa katika tendo la kukiiba, alikaa nacho kwa kukosa uaminifu, na alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba kimeibwa. Adhabu inafika kifungo cha miaka 14 chenye kazi ngumu, basi usione ni kesi ndogo kwa sababu ni simu.

Hatua ya 2: Tafsiri shtaka bila kulifupisha

Magazeti huandika “alipatikana na simu ya wizi”. Kwa habari ya gazeti inatosha. Kwa hati ya mashtaka haifai kabisa, kwa sababu imebakiza kupatikana na kitu na kuacha kujua. Aliyenunua simu sokoni kwa nia safi akisomewa maneno hayo atajibu “ni kweli”, na atakuwa anasema kweli, maana kweli alipatikana nayo. Lakini hajakiri kosa la kifungu cha 322.

Tafsiri yangu ya shtaka zima ni hii:

> Kushughulikia mali ya wizi, kinyume cha kifungu cha 322(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 322(2) cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo tarehe 3 Machi 2023, eneo la Likoni, Kaunti ya Mombasa, si katika tendo lenyewe la kuiba, kwa kukosa uaminifu alikaa na simu moja ya mkononi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni mali iliyoibwa.

“Si katika tendo lenyewe la kuiba” huonekana kama maneno ya ziada, na wengi huyaruka. Ndiyo yanayomtenga mwizi na mtu aliyekaa na mali baada ya wizi. Mara nyingi shtaka hili huwekwa kama shtaka mbadala chini ya shtaka la wizi, nawe uandike “shtaka mbadala”, usiandike “shtaka la pili”. Msomaji akiona la kwanza na la pili atadhani mtu anaweza kutiwa hatiani kwa yote mawili.

Vilevile “alikaa na” isigeuke “alipokea”. Kifungu kinataja yote mawili, na aliyeandaa hati alichagua moja. Kuhusu kukosa uaminifu, wapo wanaoandika “kwa udanganyifu”. Mimi siafiki: udanganyifu unadai kuwepo mtu aliyedanganywa, na kosa hili halihitaji hilo.

Ukikuta kosa kwenye hati, kwa mfano namba ya simu kwenye hati haifanani na ile ya orodha ya vielelezo, iache kama ilivyo na uweke tanbihi ya mfasiri. Pengine wakili atajenga rufaa yake juu ya tofauti hiyo, na ukiisahihisha umemnyang’anya.

Hatua ya 3: Tenganisha sauti kwenye kumbukumbu ya majibu

Ukurasa wa majibu huwa na fomula inayojirudia katika mahakama za Kenya. Kwa Kiswahili naiandika hivi: “Kiini cha shtaka na kila kipengele chake kimeelezwa na mahakama kwa mshtakiwa, kwa lugha anayoielewa, naye alipoulizwa kama anakubali au anakana ukweli wa shtaka, akajibu:”. Kisha yanafuata maneno machache. Tuseme jalada letu linaendelea hivi, nikiwa nimeshalitafsiri:

> Mshtakiwa (Kiswahili): Ni kweli.
> Mahakama: Jibu la kukiri kosa limeingizwa.
> Upande wa mashtaka: Maelezo ya tukio ni kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka.
> Mshtakiwa: Maelezo ni sahihi. Niliinunua kwa rafiki.
> Mahakama: Mshtakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe.

Mstari wa pili ni wa hakimu. Ukiandika “mshtakiwa alikiri kosa” umemtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Alisema “ni kweli”, basi.

Mstari wa nne ndio wenye uzito. Katika Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao bado unafuatwa: mshtakiwa aelezwe vipengele vyote kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake, asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akisema jambo linalotia shaka hatia yake, jibu libadilishwe kuwa la kukana. “Niliinunua kwa rafiki” linaweza kuwa jambo kama hilo. Lisiunganishwe na sentensi iliyotangulia ikawa “maelezo ni sahihi kwamba niliinunua kwa rafiki”, wala lisihamishiwe kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu. Nukta ibaki palepale.

Isitoshe, hujui mshtakiwa alitamka nini hasa siku ile. Huenda alisema “ndiyo”, au “nilikuwa nayo”. Unachotafsiri ni maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo weka tanbihi: “Maneno haya yametafsiriwa kutoka kumbukumbu ya Kiingereza, si nukuu ya alichotamka mshtakiwa.” Ikiwa karani aliandika Kiswahili chenyewe, kinakili herufi kwa herufi, hata kama sarufi imepinda.

Hatua ya 4: Haki, pamoja na mapengo yake

Ibara ya 50(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mshtakiwa, miongoni mwa mengine, haki ya kuchagua wakili na kuelezwa haki hiyo mara moja, katika herufi (g). Na haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi, katika herufi (m). Kumbukumbu ikisema “ameelezwa haki zake chini ya ibara ya 50(2)(g)”, tafsiri hivyo tu. Usiorodheshe haki zote kwa kutaka kumsaidia msomaji, kwa kuwa utaonyesha alielezwa mambo ambayo hayamo. Na “ameelezwa haki ya kuwa na wakili” si “amepewa wakili”.

Mahali pa lugha au jina la mkalimani pakiwa patupu, andika [pengo halikujazwa]. Neno lisilosomeka liwe [halisomeki]. Kufuta pengo ni sawa na kulijaza.

Hatua ya 5: Jaribu tafsiri kwa mtu asiyeona asili

Mpe mwenzako Kiswahili peke yake, umuulize mambo mawili: upande wa mashtaka lazima uthibitishe nini, na kila sentensi imesemwa na nani? Orodha yake ikikosa kujua au kukosa uaminifu, rudi hatua ya 2. Akisema mshtakiwa ndiye aliyetamka “nakiri kosa”, rudi hatua ya 3.

Mwishoni weka cheti chako: jina lako, namba ya kesi, kurasa ulizotafsiri, kurasa zilizokosekana kwenye nakala uliyopewa, tarehe na sahihi.